Mpe Umeme Kidogo Kwanza

Ukiingia karakanani kwangu Tandika, kitu cha kwanza utakachokiona mezani ni kibao cha mbao chenye soketi moja, swichi moja na holda ya balbu. Balbu yenyewe ni ile ya zamani, yenye uzi mwembamba ndani, wati 60. Wateja wengi hudhani ni taa ya kumulikia kazi. Kumbe ndicho chombo cha kwanza ambacho kila kijana anayekuja kujifunza hapa anakitengeneza kwa mikono yake, hata kama amekuja kwa ajili ya simu tu.

Kibao hicho kilitokana na hasara. Miaka ile nilikuwa na vijana wawili wa kunisaidia. Siku moja nilikwenda Kariakoo kufuata spea, nikamwachia mmoja wao televisheni ya inchi 32 ambayo haikuwaka hata ile taa nyekundu ya mbele. Akafungua, akakuta fyuzi ya bodi ya umeme imekatika. Fyuzi nyingine haikuwepo. Akachukua uzi mmoja wa shaba, akauzungushia juu ya fyuzi iliyokufa, akachomeka ukutani. Niliporudi nilikuta harufu ya moto na majirani wamejaa mlangoni. Transista kubwa ya bodi ilikuwa imepasuka vipande, chipu inayoiendesha imetoboka juu, na njia ya shaba imebanduka kwenye bodi kama ganda la kidonda. Kijana hakuumia, namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo. Lakini bodi iliyokuwa ipone kwa spea za bei ndogo ikawa ya kutupa, na mimi nikamnunulia mteja bodi nyingine.

Nilimfokea sana. Usiku, nikiwa nimelala, nikajiuliza ni lini nilimweleza kwa nini fyuzi hukatika. Sikukumbuka siku hiyo. Nilikuwa nimemwonyesha jinsi ya kuibadilisha, basi. Fyuzi haifi kwa kuchoka, au hufa hivyo mara chache mno. Mara nyingi kuna kitu nyuma yake kimepiga shoti, na yenyewe imekufa kwa kukukinga. Ukiichungulia utaona: kioo chake kikiwa cheusi au kina madoa ya fedha, ujue umeme mwingi ulipita kwa ghafla. Uzi ukiwa umekatika katikati tu na kioo ni safi, tatizo huenda lilikuwa dogo zaidi. Hayo niliyajua. Yalikaa kichwani mwangu, na kijana wangu hakuyapata kwa sababu nami nilifundishwa hivyohivyo.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa mwema kwangu, ila alikuwa na tabia ya kugeuza mgongo anapofika kwenye jambo gumu. Ukimwuliza, anakutuma dukani. Nilijifunza kwa kuchungulia juu ya bega lake. Matokeo yake nilikuwa na mkono mwepesi, naweza kubadilisha mlango wa chaji kabla chai haijapoa, lakini kifaa kisichofanana na nilichowahi kukiona kilinishinda. Mafundi wengi wa umri wangu tumepita njia hiyo, na tukipata vijana tunawapitisha humohumo.

Sasa nieleze balbu inavyofanya kazi, maana ndipo mafunzo yote ya hapa yanapoanzia. Waya wa moto unatoka ukutani, unapita kwenye balbu, kisha unaingia kwenye soketi ya kibao. Kifaa kinachopimwa kinachomekwa hapo. Kwa hiyo umeme wowote unaokwenda kwenye kifaa lazima upite kwanza ndani ya balbu. Balbu ya wati 60 kwenye umeme wetu wa volti 230 haipitishi zaidi ya takriban robo ampea ikiwa imewaka kikamilifu. Hata kifaa kikiwa na shoti kabisa, hicho ndicho kiasi kitakachopita. Hakuna kulipuka. Balbu itawaka tu kwa nguvu zake zote, na hilo lenyewe ni jibu.

Kijana anafundishwa kuisoma. Televisheni nzima au chaja nzima ikichomekwa, balbu hupiga mwanga mara moja kisha hufifia au kuzimika: ile kapasita kubwa ya bodi ilikuwa inajaa, sasa imejaa. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti upande wa umeme mkubwa, na mara nyingi ni transista ile kubwa au moja ya dayodi nne za daraja. Isipowaka hata kidogo, njia imekatika mahali: fyuzi, waya, swichi. Ikiwa inapumua, yaani inawaka na kufifia, kuwaka na kufifia, basi bodi inajaribu kuamka na kitu upande wa pili kinaizuia. Hapo hujafungua hata skrubu moja, na tayari unajua uanzie wapi.

Nawaambia pia mipaka yake. Balbu hii inalinda kifaa, haimlindi mtu. Robo ampea inatosha kuua. Ile kapasita kubwa inabaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya, hivyo tunaimwaga kwa kizuizi kikubwa cha umeme na kupima tena kabla ya kugusa. Na balbu za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii, kwa sababu zina saketi yao ndani. Balbu za uzi siku hizi zimekuwa adimu. Nikikutana nazo kwenye duka la zamani nanunua zote.

Kwenye simu, kazi ya balbu inafanywa na pawasaplai ya mezani, ile yenye vitufe viwili, kimoja cha volti na kingine cha ampea. Karibu kila fundi simu anayo. Wengi hukizungusha kitufe cha ampea hadi mwisho na kukisahau. Mimi humwambia kijana kwamba kitufe hicho ndicho balbu yake. Anza chini, umpe mgonjwa umeme kidogo, umtazame anavyoupokea.

Nitaeleza simu moja kwa urefu, kwa sababu ndiyo ninayoitumia kufundishia tangu nilipoifanya mbele ya vijana. Aliileta dereva wa bodaboda wakati wa masika. Maelezo yake yalikuwa mafupi: "Fundi, ilinyeshewa juzi, nikaiweka kwenye mchele, jana ikawaka saa moja, leo imegoma kabisa." Ule mchele haukumsaidia kitu. Maji ya mvua yakishaingia ndani na betri ipo, umeme unapita kwenye maji na kuanza kula metali, na mchele ulioko nje hauzuii hilo. Cha kufanya ni kuzima simu, kuipeleka kwa fundi haraka betri ichomolewe, bodi isafishwe kwa spiriti kali. Simu iliyoanguka baharini pale Kigamboni ina muda mfupi zaidi, sababu chumvi huharakisha kutu. Ile saa moja simu ilipowaka ndiyo iliyoiumiza.

Binti mmoja niliyekuwa namfundisha ndiye aliyeishika, mimi nikasimama nyuma na mikono mgongoni. Alichomoa betri, akaipima: volti 3.9, betri nzima. Akaweka pawasaplai kwenye volti 4 na ampea 1, akaunganisha kwenye bodi. Kitufe cha kuwashia hajakigusa. Ampea zikaruka hadi 1 na kukwama hapo, volti zikaporomoka hadi karibu na sifuri. Akazima palepale, akaandika kwenye daftari.

Simu nzima, kabla hujabonyeza kitufe, inapaswa kusoma sifuri au karibu sana na sifuri. Ikivuta umeme kabla haijaambiwa iwake, tatizo liko kwenye njia kuu inayotoka betri, kabla ya kila kitu kingine. Ingekuwa inasoma sifuri kisha ukibonyeza inapanda kidogo na kukwama, tungetafuta mbele zaidi, kwenye njia ndogo zinazolisha ubongo na kumbukumbu, au hata kwenye programu. Ingebaki sifuri hata baada ya kubonyeza, tungeanza na kitufe chenyewe na waya wake.

Akageuza multimita kwenye alama ya dayodi, ncha nyekundu akaiweka kwenye chuma cha bodi, nyeusi kwenye kapasita moja kubwa karibu na chipu ya umeme, mahali ambapo mchoro umeandika VPH_PWR. Kwenye bodi nzima ya aina hiyo husoma kama 0.4. Yeye akapata 0.002. Shoti imethibitika.

Hapo ndipo kishawishi kinapokuja. Fundi mwenye haraka huchukua bloa na kuanza kupasha chipu ya umeme, kwa kuwa ni kubwa na inaonekana, na kwa kuwa "hizi simu ugonjwa wake ni huo". Lakini kwenye njia ileile kuna makumi ya kapasita ndogo zilizofungwa bega kwa bega, na moja tu ikifa inavuta zote chini. Multimita haiwezi kukuambia ni ipi, maana zote zitasoma sifuri.

Binti akashusha pawasaplai hadi volti 1, ampea akaziweka 2. Volti 1 kwenye njia iliyozoea 4 haiwezi kuumiza kitu, na anayefanya hivi kwenye njia ya ubongo ambayo ni ya chini ya volti 1 lazima ashuke zaidi. Akalowanisha bodi kwa spiriti ya asilimia 99, akashusha hadubini, akawasha. Umeme unaopita kwenye kitu kilichokufa hukipasha moto, na spiriti hukauka hapo kabla ya kwingine. Sekunde tatu, nne. Ukatokea uwazi mkavu pembeni mwa kibati cha chuma kinachofunika chipu ya umeme. "Mwalimu, pale," akasema, bila kugusa. Tukatoa kibati. Chini yake kulikuwa na kapasita ndogo kama punje ya chumvi, ubavu wake mmoja umeota ukijani.

Aliiondoa kwa bloa na kibano, baada ya kuziba chipu za jirani kwa utepe wa kuzuia joto. Akapima tena: 0.39. Kapasita hizo za kutuliza umeme zikiwa nyingi, simu huweza kufanya kazi bila moja, ila tuliweka nyingine kutoka bodi chakavu kwa sababu sipendi vijana wazoee kuacha mapengo. Halafu volti 4 tena, ampea 1. Sifuri. Akabonyeza kitufe. Ikapanda 0.1, ikacheza, 0.3, ikashuka, ikapanda tena, na kucheza huko kwa sindano ndiko kunakoonyesha kwamba ubongo unasoma kumbukumbu. Nembo ikatokea. Tangu aanze hadi hapo, bloa ilitumika dakika moja na kidogo.

Naitaja dakika hiyo kwa sababu ya simu nyingine, ambayo haikupona. Mama mmoja alileta simu iliyozimika, akasema, "Mimi simu siitaki sana mwanangu, nataka picha tu." Kijana niliyekuwa naye aliipasha joto kutafuta ugonjwa. Risasi ya kuunganishia ya kiwandani, ile isiyo na madini ya risasi, huyeyuka nyuzi 217 hivi, na ile ya kawaida tunayotumia mezani nyuzi 183, kwa hiyo bloa tunaiweka juu zaidi ili joto lifike. Joto hilo likikaa sana karibu na kumbukumbu, vipira vya risasi chini yake vinaachia au kuungana. Nilijitahidi siku mbili. Nilimlipa mama yule thamani ya simu, akazipokea fedha kimya kimya. Picha hazikupatikana.

Baada ya hapo niliweka kanuni ambayo sijawahi kuivunja: mwanafunzi hagusi simu ya mteja kabla hajatibu magonjwa 12 ya mazoezi. Na hii ndiyo iliyonilazimisha kuwa na karakana ya mafunzo badala ya meza yenye vijana pembeni, maana sasa ilibidi niwatafutie magonjwa ambayo si ya wateja.

Magonjwa nayatengeneza mwenyewe. Nanunua kwa mafundi wenzangu bodi zinazowaka ila vioo vyake ni ghali kuliko simu. Jioni, wanafunzi wakishaondoka, nakaa na bodi hizo na kuziharibu. Tone dogo la risasi kati ya miguu miwili ya kapasita, hiyo ni shoti. Koili moja nikiiondoa, njia inakatika. Kipande cha utepe mwembamba kwenye kiunganishi cha betri kimewasumbua wengi kuliko magonjwa makubwa, kwa sababu walikimbilia hadubini kabla ya kutazama kwa macho. Kila bodi naifunga kwenye mfuko na karatasi yenye malalamiko kwa maneno ya mteja: "Inapata moto mfukoni." "Inaingia chaji lakini haijai." Mteja hatakuja kukuambia njia kuu ina shoti.

Mwanafunzi anaandika daftarini alichokiona, alichokipima, anachodhani, na kipimo kitakachomwonyesha kama amekosea. Bloa haiwashwi kabla sijasaini ukurasa huo. Alama natoa kwa daftari. Yuko kijana aliyewasha bodi tano mfululizo na nikamrudisha zote, kwa sababu kurasa zake zilisema "nimebadilisha, ikawaka". Alikasirika, akakaa nyumbani siku mbili, kisha akarudi.

Awamu ya kwanza nilipokea watu tisa, na ilikuwa kosa. Nilikuwa na pawasaplai mbili na hadubini moja. Wanne wanafanya kazi, watano wanatazama, na anayetazama hajifunzi kupima, nilishajionea mwenyewe. Isitoshe, nilikuwa nafundisha na kutengeneza saa zilezile, kila dakika naitwa, simu za wateja zikarundikana na kipato cha meza kikashuka hadi nikala ada za wanafunzi kulipa kodi ya fremu. Fedha ya kununulia bodi na spiriti ikaisha kabla ya mwezi wa tatu. Sasa napokea sita tu. Saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana ni mafunzo, pazia la mbele liko nusu, wateja wanaacha simu na kuandikiwa risiti. Mchana ni kazi. Ada ya vifaa naiweka kwenye laini yake peke yake, siigusi hata nikibanwa.

Mzazi akimleta kijana, tunaandikiana: muda ni miezi mitatu ya mazoezi, kisha mitatu mezani na wateja, na katika hiyo ya pili analipwa sehemu ya kila kazi. Wengi huniuliza cheti. Mimi si chuo, na neno chuo lina usajili wake, kwa hiyo situmii. Ninachowaambia ni kwamba VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, mtu anapimwa kwa anachokijua. Lile daftari waende nalo.

Kuna kazi moja siifundishi. Juni 2016 TCRA ilipozima simu bandia, watu walimiminika kwa mafundi wakitaka namba ya IMEI ibadilishwe, ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Bado wanakuja, na sasa wengi wao wana simu zisizo zao. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalifanya hilo kuwa kosa la jinai. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya multimita, nawaambia wanafunzi kwamba atakayeifanya kazi hiyo chini ya paa hili ataondoka siku hiyohiyo, na ada hairudi.

Yule kijana wa fyuzi bado niko naye. Ndiye anayesimamia upande wa televisheni na vifaa vya nyumbani: pasi, feni, blenda, sabufa. Wiki iliyopita ililetwa televisheni iliyokufa umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Aliwaita wanafunzi wote sita, akachomoa fyuzi, akawapa kila mmoja ashike kioo chake juu kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa cheusi. Akawauliza nini kifanyike, na mmoja akajibu waweke nyingine. Hakufoka. Aliivuta ile soketi ya mbao karibu, akaweka fyuzi mpya, akachomeka, na balbu ikawaka ikamulika nyuso zote. Akaiacha iwake, akasubiri mtu aulize.